Harufu iliyokuwa ikikata kila asubuhi: uchambuzi wa kisa cha mtungi uliovuja Mtwara

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Majina na alama zote za kuwatambulisha wahusika nimeziondoa. Mwenye jiko namwita Mama S., na mtoto wa kaka yake namwita Binti. Mimi nafundisha fiziolojia katika chuo cha afya, na kwa Mama S. nilikuwa mteja wa chai ya asubuhi tu mpaka siku niliyowakuta wakibishana.

Mandharinyuma

Mama S. ni mama lishe wa miaka hamsini na kitu. Jiko lake ni chumba cha mita tatu kwa mbili na nusu, mlango mmoja, dirisha moja. Ilikuwa Julai, kusi kimekaza, na dirisha alikuwa ameliziba kwa turubai ili moto usiyumbe na mchanga usiingie chunguni. Chini ya meza palikaa mtungi wa gesi wa kilo 15, juu yake jiko la pleti mbili. Maharage aliyachemshia uani kwenye jiko la mkaa.

Mtungi ule ulikuwa umeanza kuisha mapema. Zamani ulimfikisha majuma matatu, ila mara mbili mfululizo ulikuwa umekwisha siku ya kumi na saba, na yeye alishaamini kwamba muuzaji anampunja. Jambo jingine alilolisema bila kulipa uzito ni kwamba harufu ya gesi huisikia pale tu mtungi unapokaribia kuisha. Kwake ilikuwa kama kengele ya kwenda kununua mwingine.

Kabla sijaendelea, nisahihishe dhana moja ambayo kwetu Kusini ni ya kawaida. Gesi ya mtungini si ile ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba, wala ya Songosongo. Ile ya ardhini kwetu kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Ya mtungini ni propani na butani kutoka nje ya nchi, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Zote mbili zenyewe hazina harufu tunayoweza kuitegemea. Uvundo unaousikia kwenye mtungi umetiwa makusudi: ni merkaptani, kemikali yenye salfa. Pua ya binadamu huitambua merkaptani hata ikiwa kiasi cha sehemu moja hivi katika bilioni ya hewa, na ndiyo maana ilichaguliwa.

Mambo yalivyokwenda

Binti alifika jioni kwa basi kutoka Lindi, amekuja kumsaidia shangazi yake wakati wa likizo. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri akaingia jikoni, akasimama mlangoni.

"Shangazi, gesi inavuja humu."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

Wakainusa pamoja. Baada ya dakika tano hivi Binti mwenyewe akasema, "Basi, imekata." Wakawasha moto.

Siku ya pili ikawa vilevile: harufu mlangoni, dakika chache imekata, moto ukawashwa. Siku ya tatu Binti aliinama kuvuta gunia la viazi chini ya meza akakuta pale chini harufu ni kali kuliko aliyoisikia amesimama. Nilipofika saa moja kunywa chai, mmoja anasema gesi inavuja, mwingine anasema mtoto huyu amekuja na woga wake wa Lindi.

Niliposikia neno lake moja, chai niliiacha. Binti alisema: "Mwalimu, nikiingia inakuwepo, nikikaa inakata, nikitoka nikirudi inakuwepo tena." Harufu ambayo kweli imetawanyika hairudi kwa sababu wewe umetoka nje na kurudi. Kilichokuwa kikikata na kurudi ni uwezo wa Binti wa kuihisi. Gesi ilikuwa palepale.

Uamuzi tuliofanya na sababu zake

Kwanza nilifunga regyuleta pale mtungini, miali ikafa yenyewe. Swichi ya taa na plagi ya friji hatukuzigusa, kwa kuwa cheche ndogo ya swichi inatosha. Binti alilifunika jiko la mkaa kwa mchanga. Tukatoa turubai, tukaacha mlango wazi, tukakaa nje nusu saa.

Pili, niliamua kwamba kuanzia hapo pua ya mtu yeyote haitatumika kuamua kama pamevuja au la, yangu ikiwemo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mle dakika kumi. Mtungi tuliupeleka uani kwenye upepo, tukapaka maji ya sabuni yenye povu zito kwenye maungio yote, kisha tukafungua. Mapovu yalianza kuvimba pale regyuleta inapokaa juu ya valvu. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka upande mmoja. Regyuleta ilibadilishwa siku ileile, sabuni ikapakwa tena, povu likatulia.

Uamuzi wa tatu ulitokana na hofu ya Mama S. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, basi pua yangu imekufa." Alikuwa ameugua mafua makali mwaka uliotangulia, na ni kweli kwamba virusi vya mafua vinaweza kuharibu seli za kunusia. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo mawili mbele yangu. Huenda pua yake imepoteza uwezo wa kunusa kwa ujumla, au huenda ni nzima ila imeizoea harufu hii moja. Nilitaka kujua ni lipi, kwa kuwa maelezo ya kwanza yangempeleka hospitali na ya pili yasingempeleka.

Kupima pua

Hapa nilikosea mwanzoni. Nilichukua siki iliyokuwa jikoni, nikampa anuse. Akarudisha kichwa nyuma, macho yakamlenga, nami nikatangaza kwamba pua ni nzima. Jioni nikagundua kwamba sikuwa nimepima kunusa hata kidogo. Siki ni asidi, na asidi huchoma. Mchomo huo husafiri kwa neva nyingine, neva ya tano ya kichwa, ambayo huleta maumivu na joto kutoka usoni, machoni na puani. Ndiyo hiyohiyo inayokupigisha chafya na kukutoa machozi mtu akikaanga pilipili chumba cha pili. David Julius na wenzake waliipata protini inayohisi ukali wa pilipili mwaka 1997, na kazi hiyo ni sehemu ya iliyompa Nobeli ya mwaka 2021. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kunusa bado atashtuka akinusa siki.

Nilihitaji harufu isiyochoma. Kwa bahati njema kila nyumba ya pwani inayo: maji ya waridi. Kemikali inayobeba sehemu kubwa ya harufu ya waridi huamsha neva ya tano kidogo sana, na hata maabara za kupima kunusa huitumia kwa sababu hiyo.

Asubuhi iliyofuata tulipanga chupa nane. Chupa ya 1 ilikuwa maji ya waridi yenyewe. Ya 2 ilikuwa nusu yake na nusu maji ya kunywa, ya 3 nusu ya ya 2, na kuendelea. Chupa ya 6 ilibaki na sehemu moja katika 32, na ya 7 sehemu moja katika 64. Kila mara mpimwaji alipewa vikombe vitatu, macho yamefungwa kwa kitambaa, kimoja kina waridi na viwili maji matupu, naye alilazimika kuchagua kimoja hata kama anabahatisha. Kulazimisha uchaguzi kuna maana yake. Mtu mwoga husema "sisikii" mpaka awe na hakika, na mtu mwenye kujiamini husema "nasikia" hata pasipo kitu. Ukimwuliza tu kama anasikia, unapima tabia yake pamoja na pua yake. Ukimlazimisha achague, kubahatisha kutampa moja kwa tatu, na kupatia mara mbili mfululizo kwa bahati ni moja kwa tisa.

Tulianza chupa dhaifu tukipanda. Alipopatia mara mbili mfululizo tulishuka chupa moja, alipokosa tukapanda, mpaka tukaona anazunguka wapi. Kati ya jaribio na jaribio tulisubiri nusu dakika, ili waridi lenyewe lisimzoeshe. Sehemu ile anapozunguka ndiyo kizingiti chake: kiasi ambacho kwa takriban nusu ya majaribio kinahisiwa na nusu nyingine kinapotea. Watu hudhani kizingiti ni mstari, chini yake giza na juu yake mwanga. Kwa hakika ni mteremko, na sisi tunachagua kuuwekea alama katikati.

Matokeo

Mama S. alizunguka kwenye chupa ya 6. Binti alifika ya 7. Mimi nilibaki kwenye ya 6. Maji ya waridi ya dukani hayana nguvu sawa kila chupa, kwa hiyo namba hizi haziwezi kulinganishwa na za maabara wala na za siku nyingine. Zilitutosha kusema kwamba siku ile, kwa chupa zilezile, pua ya Mama S. haikuwa nyuma ya zetu kwa kiasi cha kutisha.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao ningeuona mapema kama ningeuliza. Kila asubuhi, ndani ya jiko lilelile, Mama S. alichambua samaki kwa pua. Asubuhi ya ugomvi alishawarudisha changu wawili kwa mvuvi akisema wamechina. Mtu anayemtambua samaki aliyechina akiwa amesimama kwenye gesi asiyoisikia hana pua iliyokufa. Anayo pua iliyoizoea harufu moja.

Tulipoiunganisha regyuleta mpya, ilitoka pumzi fupi ya gesi. Binti aliziba pua. Mama S. alisema, "Kwa mbali." Kisha akasafiri Newala kwenye harusi, akakaa siku kumi na mbili. Mtungi ulipobadilishwa aliporudi, ilitoka tena pumzi fupi, naye akaruka nyuma: "Kumbe yenyewe ndiyo hii!" Siwezi kuapa kwamba pumzi zile mbili zilikuwa sawa, kwa hiyo ushahidi huu nauhesabu kuwa dhaifu. Lakini unaelekea upande uleule.

Uchambuzi: nini kilitokea ndani ya pua

Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye ute, na ndani yake zimesimama seli za kunusia. Kila moja ni niuroni kamili, yaani seli ya neva, ina vinyweleo vilivyolala ndani ya ute upande mmoja, na upande wa pili uzi mrefu unaopenya kwenye matundu ya mfupa hadi ubongoni. Binadamu ana aina 400 hivi za protini zinazopokea harufu, na kwa kawaida kila seli hubeba aina moja tu. Familia hii ya protini iligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel, waliochapisha kazi yao mwaka 1991 na kupata Nobeli mwaka 2004.

Molekuli ya merkaptani haifiki ubongoni. Huyeyuka katika ute, hushika kipokezi chake, na kazi yake imekwisha. Kilichobaki ni cha seli yenyewe. Kipokezi kilichoshikwa hugusa protini ya pili, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza kwa wingi AMP ya mzunguko, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli. AMP hiyo hufungua milango midogo kwenye utando, na ayoni za sodiamu na kalsiamu huingia. Kalsiamu nayo hufungua milango mingine ambayo hutoa kloridi nje, na kwa kuwa kloridi ina chaji hasi, kutoka kwake huongeza badiliko lilelile la umeme. Seli iliyokuwa imetulia kwenye milivolti hasi 65 hivi husogea kuelekea sifuri, na ikivuka kiwango chake hupiga mapigo ya umeme kwenye uzi wake. Harufu ikizidi, mapigo huwa mengi zaidi kwa sekunde. Ubongo hupokea mapigo hayo tu, na hujua ni merkaptani kwa kuwa yametoka kwenye seli za aina fulani.

Hiyo ndiyo kazi ya kila kiungo cha hisi: kuchukua kitu cha nje na kukigeuza kuwa umeme wa neva. Njia zinatofautiana. Kwenye ngozi, mguso huvuta utando na mlango hufunguka papo hapo, bila mnyororo wa kemikali katikati. Puani mnyororo ni mrefu, kwa hiyo kunusa ni kwa polepole kuliko kuguswa. Faida yake ni kwamba kila hatua inaweza kuikuza ishara ndogo.

Na kila hatua inaweza pia kuipunguza. Hapo ndipo siri ya dakika tano za Binti ilipo. Kalsiamu ileile inayoingia na kusaidia kuanzisha ishara hushikana na protini nyingine ndani ya seli, na kwa pamoja huifanya milango iitikie AMP kwa shida. Wakati huohuo vimeng'enya huivunja AMP iliyopo, na kipokezi chenyewe hubandikwa fosfeti inayopunguza nguvu yake. Seli inajikunja kwa sababu ya kazi yake yenyewe. Gesi haijapungua, ila kizingiti kimepanda juu ya kiwango cha gesi kilichomo chumbani. Ukitoka nje, kalsiamu husukumwa nje ya seli, milango hurudi, na ukirudi ndani unaanza upya. Pua ya Binti ilikuwa ikirudishiwa uwezo wake uani bila yeye kujua.

Mazoea hayo kwa kiasi kikubwa ni ya seli zilizofanya kazi. Seli zinazopokea harufu ya samaki aliyechina hazikuwa zimechoshwa na merkaptani, ndiyo maana Mama S. aliendelea kuchambua changu vizuri kabisa.

Lakini mazoea ya Mama S. hayakuwa ya dakika tano. Alilala chumba cha upande wa pili wa ua, akaingia jikoni kila alfajiri akitoka kwenye hewa safi, na bado hakuisikia. Kwa watu wanaoishi na harufu moja kwa majuma, unyeti kwa harufu hiyo hupungua kwa muda mrefu zaidi, na huchukua siku kadhaa au zaidi kurudi hata wakiondoka. Sehemu ya badiliko hilo iko puani na sehemu iko ubongoni, ambako kisichobadilika huacha kupewa nafasi. Kisa hiki hakiwezi kutuambia ni kiasi gani kilikuwa wapi.

Kuna jambo la tatu, nalo ni jinsi uvujaji wenyewe ulivyokua. Mpira haukupasuka siku moja. Mwanafiziolojia Mjerumani Ernst Weber alionyesha mjini Leipzig mwaka 1834, kwa kutumia mizigo, kwamba tunahisi nyongeza kwa kuilinganisha na kilichopo tayari. Ukiwa umebeba kilo moja utahisi gramu mia ikiongezwa, ukiwa na kilo ishirini hutazihisi. Tuseme pua inahitaji nyongeza ya robo ili iseme "imezidi". Mpira ukikauka taratibu na gesi ikiongezeka sehemu moja katika mia kila siku, hakuna siku hata moja nyongeza itakayofika robo, na pua inajipanga upya kila siku juu ya kiwango kipya. Binti hakuhitaji kuhisi nyongeza. Alitoka Lindi akakutana na jumla yote kwa mkupuo.

Palipofaa na palipoharibika

Merkaptani hupimwa ili mtu aisikie gesi ikiwa bado ni sehemu moja kwa tano ya kiwango cha chini cha kushika moto. Kwa gesi ya mtungi kiwango hicho ni asilimia 2 hivi ya hewa, kwa hiyo harufu inatakiwa isikike kwenye asilimia 0.4. Hesabu hiyo imewekwa kwa pua inayoingia kutoka nje. Haimlindi aliyekaa ndani, na haikuwekwa kwa pua iliyoko mita moja na nusu juu ya sakafu wakati gesi imelala magotini. Kwa hiyo sababu mbili zilichanganyika, urefu na mazoea, na Binti alipoinama kwenye gunia aliiondoa ya kwanza.

Kengele ya mtungi kuisha nayo inaelezeka. Merkaptani hugeuka mvuke kwa shida kuliko propani, kwa hiyo hujikusanya kwenye kimiminika kinachobaki chini, na gesi ya mwisho hutoka ikinuka zaidi. Mama S. alikuwa akisikia harufu ile tu iliyovuka kizingiti chake kilichopanda, akaipa maana isiyokuwa yake.

Kosa kubwa la siku zile tatu ni neno "imekata" kuchukuliwa kuwa habari ya chumba. Kosa langu ni siki, na pia kutouliza mapema kuhusu mitungi iliyoisha siku ya kumi na saba. Mtungi hauzoei, na siku zake zilikuwa zimesema kabla ya pua ya yeyote.

Binti amesharudi Lindi. Mama S. sasa akifungua jiko alfajiri huinama kwanza chini ya meza kabla ya kushika kiberiti, na kila mtungi ukibadilishwa hupaka sabuni, kwa kuwa uvujaji ukianza saa sita mchana chungu kikiwa motoni pua yake haitamwambia. Turubai amelikata nusu ya chini ya dirisha, na mlangoni amepiga shimo la ngumi moja karibu na sakafu. Chupa ya maji ya sabuni imening'inia kwenye msumari juu ya mtungi, na mara ya mwisho nilipokunywa chai pale ilikuwa imebaki robo.